Kutoka Vijiti Hadi Tarakimu: Kuijenga Karatasi ya Mazoezi ya Kutoa kwa Kukopa

Walimu wenzangu, na wazazi mliokuja kukaa nasi,

Nimeombwa nizungumzie kitu kidogo: karatasi ya mazoezi anayopewa mtoto anapojifunza kutoa kwa kukopa. Naomba tuanze na hesabu mbili. Ya kwanza ni 42 − 17. Ya pili ni 43 − 17. Mkiambiwa mchague moja ya kuweka kwenye karatasi, mtachagua ipi? Wengi tutasema yoyote, maana zote ni za tarakimu mbili na zote zinadai kukopa. Lakini moja inamsaidia mwalimu, na nyingine inamficha mtoto.

Tazameni 42 − 17, ambayo jibu lake ni 25. Mtoto wa kwanza anaanza na mamoja, anaona 2 juu na 7 chini, na kwa kuwa 7 ndiyo kubwa anatoa 2 kwenye 7, anapata 5. Kwenye makumi, 4 toa 1 ni 3. Anaandika 35. Mtoto wa pili anajua kukopa, kwa hiyo anafanya 12 toa 7, anapata 5, ila hapunguzi ile 4 ya makumi. Naye anaandika 35. Watoto hawa wana matatizo mawili tofauti kabisa: mmoja hajajua kwamba anatakiwa kukopa, mwingine anakopa bila kupunguza alikokopa. Lakini daftari zao zinafanana, na mwalimu mwenye rundo la kusahihisha ataweka alama ileile ya kosa kwa wote wawili bila kujua amrudishe nani wapi.

Sasa 43 − 17. Jibu ni 26. Aliyegeuza tarakimu ataandika 34. Aliyekopa bila kupunguza makumi ataandika 36. Aliyeona kwamba 3 haiwezi kutolewa 7 akaamua kuweka 0 ataandika 30. Makosa matatu, majibu matatu, na kila jibu linasema limetoka wapi.

Sababu yake ni nyepesi. Tarakimu za mamoja zikipishana kwa 5, yaani 2 juu ya 7, 1 juu ya 6, 3 juu ya 8, 4 juu ya 9 au 0 juu ya 5, mtoto aliyegeuza na mtoto aliyekopa wanapata mamoja yaleyale, kwa kuwa 10 toa 5 ni 5. Kwa hiyo, tunapotunga hesabu za kutambua makosa, jozi hizo tuziepuke. Hazina ubaya kwenye mazoezi ya kawaida ya mtoto ambaye ameshaelewa. Mahali pake si pale tunapotaka kujua mtoto anafikiri nini.

Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walichapisha uchambuzi wa makosa ya watoto katika kutoa, wakaonesha jambo ambalo mwalimu makini hulihisi mwenyewe: sehemu kubwa ya makosa haya si uzembe. Mtoto ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu ukurasa mzima, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Na kanuni mbovu haiondoki kwa kupewa hesabu ishirini zaidi za aina ileile. Inaondoka pale mtoto anapoona kwa macho yake kwamba haiwezekani, na kuona huko ndiko kunakotufanya tuanze na picha.

Jerome Bruner, mwaka 1966, alieleza njia tatu ambazo mtu hushika jambo: kwa kulitenda, kwa kuliona katika picha, na kwa kuliandika kwa alama. Karatasi yetu inaanzia kwenye ya pili. Ya kwanza lazima iwe imetangulia, mtoto awe ameshika vijiti mkononi, amefunga kumi kumi na amefungua fungu mara nyingi. Kwa mtoto ambaye hajawahi kufungua fungu, picha ya fungu ni mchoro tu wa mistari. Karatasi haiwezi kuziba pengo hilo.

Baada ya hapo tunajenga hatua, na katika kila hatua tunaondoa tegemeo moja tu. Hili ndilo ninalotaka kulisisitiza leo. Karatasi nyingi zina picha nzuri ukurasa wa kwanza, kisha ukurasa wa pili ni tarakimu tupu. Katikati hamna kitu. Ni ngazi iliyong'olewa vipandio vya kati, halafu tunashangaa mtoto amebaki chini.

Hatua ya kwanza haina kutoa hata kidogo. Mchoro unaonesha mafungu 4 upande wa kushoto na vijiti 3 upande wa kulia, yaani 43. Mtoto anaambiwa: kata fungu moja kwa mstari, kisha chora vijiti vyake kumi upande wa mamoja. Chini kuna nafasi za kujaza: sasa nina makumi ___ na mamoja ___. Anaandika 3 na 13. Kisha swali la mwisho: vyote pamoja ni vingapi? Swali hili linaonekana la kitoto, lakini msiliache. Mtoto anayejibu 43 mara moja bila kuhesabu upya ameshika kiini cha somo, kwamba 4 na 3 zimekuwa 3 na 13, na namba haikuongezeka wala kupungua. Anayeanza kuhesabu kijiti kimoja kimoja hajafika bado. Anayejibu 313 ameandika alichokiona bila kujua thamani ya nafasi, na huyo anarudi kwenye vijiti halisi. Hesabu nne za namna hii zinatosha.

Nizungumzie mchoro wenyewe, maana hapa ndipo karatasi nyingi zinapoharibikia. Fungu la mwanzo lioneshe vijiti kumi vinavyohesabika, vitano na vitano, na kamba katikati. Usimpe mtoto mstatili uliojazwa rangi na kumwambia hii ni kumi, kwa kuwa kisicho na vijiti ndani hakifunguki. Upande wa mamoja weka visanduku kumi vitupu, safu mbili za vitano, ambamo mtoto atachora vijiti vilivyotoka kwenye fungu. Bila visanduku hivyo atachora tisa au kumi na moja, na jibu litakosewa kwa kuchora huku akili yake ikiwa sahihi. Tena, makumi yakae kushoto na mamoja kulia, vilevile kama tarakimu zitakavyokaa baadaye. Nimeona karatasi ambazo mafungu yamechorwa juu na vijiti chini kwa sababu ukurasa ulipendeza hivyo. Mtoto atajifunza mpangilio huo, kisha itabidi ausahau.

Hatua ya pili inaleta kutoa, lakini bado kwa picha peke yake. Hapa kuna kosa ambalo lina sura ya usahihi: kuchora namba zote mbili. Mwandishi wa karatasi anachora 43, chini yake anachora 17, kisha anaweka alama ya kutoa katikati. Mtoto anaona vitu 60 kwenye ukurasa. Anajiuliza avikate vipi? Wengine wanakata vijiti 7 vya chini, kwa kuwa ndivyo vilivyoandikwa 17. Wengine wanajumlisha vyote. Tunapotoa kwa maana ya kuondoa, kilichopo ni 43 tu. Ile 17 haipo pembeni ikisubiri, imo ndani ya 43 na ndiyo tunayoiondoa. Basi chora 43 peke yake, na 17 iandike kwa maneno ndani ya agizo: ondoa makumi 1 na mamoja 7.

Mtoto anatazama vijiti 3 na anaambiwa aondoe 7. Havitoshi. Hapo hakuna nafasi ya kugeuza, kwa sababu huwezi kuondoa vijiti 7 mahali penye 3, na huwezi kuondoa 3 kwenye vijiti 7 ambavyo havikuchorwa popote. Kanuni mbovu ya kutoa ndogo kwenye kubwa inakosa pa kushika. Anafungua fungu, anapata 13, anakata 7, vinabaki 6. Anakata fungu moja, yanabaki 2. Jibu ni 26.

Kwa hatua hizi za picha, namba ya juu isizidi 50 au hivi. Kuchora ni kazi ndefu kwa mkono mdogo, na mtoto aliyechoshwa na mafungu 9 anaanza kuharakisha mahali ambapo tunataka atulie.

Sasa nafika hatua ya tatu, na nitakaa hapa, maana naamini ndiyo inayoamua. Picha na tarakimu zinakaa pamoja. Kushoto ni mchoro wa 43, kulia ni 43 − 17 imepangwa wima, makumi chini ya makumi na mamoja chini ya mamoja, na juu ya kila tarakimu ya 43 kuna kisanduku kidogo kitupu.

Karatasi nyingi zinafika hapa, na bado mtoto hafaidiki. Kwa nini? Kwa sababu anamaliza picha yote kwanza, anapata 26, kisha anainakili 26 chini ya mstari wa hesabu. Au anafanya tarakimu kwanza kwa kanuni yake mbovu, anapata 34, na picha anaipaka rangi. Picha na tarakimu zimekaa jirani bila kujuana. Tunachotaka ni kila tendo kwenye picha liache alama yake kwenye tarakimu papo hapo, kabla ya tendo linalofuata.

Kwa hiyo maagizo yanatembea kwa kupokezana. Kata fungu moja kwenye picha. Sasa kata 4 kwenye hesabu, andika 3 kwenye kisanduku cha juu yake. Chora vijiti kumi kwenye mamoja. Sasa kata 3 ya mamoja, andika 13 kwenye kisanduku chake. Hapo simama. Weka mstari kwenye karatasi na uulize: picha ina makumi mangapi na mamoja mangapi, na hesabu inasemaje? Vikifanana, endelea. Ondoa vijiti 7 kwenye picha, andika 6 chini ya mamoja. Ondoa fungu 1, andika 2 chini ya makumi.

Kisimamo hicho cha katikati ndicho ninachokipigania. Kosa la kusahau kupunguza makumi linazaliwa palepale, kati ya kuongeza kumi kwenye mamoja na kuanza kutoa. Mtoto akisimama na kulinganisha, ataona picha ina mafungu 3 huku tarakimu bado ni 4, na atajisahihisha kabla hajafika kwenye jibu. Na angalieni mfuatano: tunakata makumi kwanza, ndipo tunaongeza mamoja. Aliyezoea kuandika 13 kwanza ndiye anayesahau kurudi kwenye 4, kwa sababu akishaona 13 ana hamu ya kutoa.

Kwenye hatua hii hii anzeni kuchanganya hesabu zisizodai kukopa. Mtoto akipewa ukurasa ambao kila hesabu inakopa, atajifunza kwamba kukata tarakimu ya makumi ni desturi ya kuanza hesabu, kama kuandika tarehe. Akikutana na 58 − 23 atakata 5, ataandika 18, na 18 toa 3 ni 15, kisha hajui 15 aiweke wapi. Kati ya hesabu sita, mbili zisiwe na kukopa, na zisikae mwisho pamoja. Vilevile weka pembeni safu fupi ya kuamua tu, isiyo na kukokotoa: 61 − 34, 85 − 45, 70 − 26, 96 − 52. Mtoto anazungusha duara kwenye zile atakazofungua fungu. Mtaona wengi wanazungusha 85 − 45, kwa kuwa 5 na 5 zinawatia wasiwasi. Wengine wanaiacha 70 − 26, kwa kuwa wanaamini 0 toa 6 ni 6, au ni 0. Safu hii inachukua dakika chache na inakuonesha mengi.

Kuanzia hapa tunapunguza tegemeo moja moja, na nitapita haraka. Kwanza mchoro wetu unaondoka na mtoto anachora mwenyewe, kwa ufupi: mstari wima kwa kumi, nukta kwa moja. Kisha kuchora kunaondoka, vinabaki visanduku. Kisha visanduku vinaondoka, na mtoto anaandika tarakimu ndogo mwenyewe juu ya hesabu. Kisha hesabu inaandikwa kwa mlalo, 62 − 38, na yeye anaipanga wima, ikiwemo 52 − 9, ambamo wengi wanaweka 9 chini ya makumi. Asilazimishwe kuziacha tarakimu ndogo za juu. Hazimdhuru yeyote, na mtoto ataziacha akiwa tayari.

Ninaposema hatua, mtaniuliza mtoto anavuka lini. Mimi natumia alama mbili. Hesabu za mwisho za hatua awe amezipata, na nikimwonesha ile 13 niulize imetoka wapi, anijibu kuwa ni kumi iliyofunguliwa pamoja na 3 zilizokuwepo. Akijibu kwamba "unaweka moja mbele", ana jibu sahihi na maelezo yasiyobeba maana, na mbele kwenye mamia yatamwangusha. Na ili kuvuka kusiwe kuruka, hesabu ya mwisho ya hatua moja iwe ndiyo ya kwanza ya hatua inayofuata. 43 − 17 aliyoifanya kwa picha na tarakimu anaikuta tena bila picha. Jibu analikumbuka, na hilo ndilo tunalolitaka: akipata 36 atajua mwenyewe kwamba kuna kitu kimeharibika, na anajua picha ya kwenda kuitazama. Akikosea hesabu mpya, asirudishwe mwanzo wa karatasi. Arudi hatua moja, na namba zilezile alizokosea.

Jambo moja linaweza kuvuruga kila kitu na halihusiani na kukopa. Mtoto ambaye hajui 13 toa 7 atakosea hata kama amekopa vizuri kabisa. Ataandika 25 au 27. Ukiona makumi ni sahihi na mamoja yamepotoka kwa moja, tatizo ni kutoa ndani ya 20. Mpe mazoezi hayo pembeni, na umwache aendelee na karatasi akiwa na vijiti vya kuhesabia.

Mamia yanafuata njia ileile, ila kuna mahali ambapo lazima picha irudi, hata kwa mtoto aliyeiacha zamani. Ni pale penye sifuri katikati. Chukueni 403 − 167. Mamoja ni 3, tunataka kuondoa 7. Tunageukia makumi, na hapo hakuna kitu. Kwa tarakimu peke yake, huu ni ukuta, na watoto wanaupanda kwa njia za ajabu. Kwa picha, tuna miraba mikubwa 4 ya mamia, nafasi tupu ya makumi, na nukta 3. Mtoto anafungua mraba mmoja: unatoa makumi 10. Anaandika 3 juu ya 4, na 10 juu ya 0. Anasimama, anahesabu: mamia 3, makumi 10, mamoja 3, bado ni 403. Kisha anafungua moja ya yale makumi: yanabaki 9, na mamoja yanakuwa 13. Anasimama tena. Mamia 3, makumi 9, mamoja 13. Sasa anaondoa: 13 toa 7 ni 6, 9 toa 6 ni 3, 3 toa 1 ni 2. Jibu ni 236, na 236 ukijumlisha 167 unarudi kwenye 403.

Karatasi iwe na nafasi ya kuandika mara mbili juu ya safu ya makumi, kwanza 10, kisha 9. Kisanduku kikiwa kimoja tu, mtoto ataandika 10, hatakuwa na pa kuandika 9, na atatoa kwenye 10. Jibu lake litakuwa 246. Katika hali hiyo karatasi yenyewe ndiyo iliyomkosesha.

Na hapa pia majibu yanazungumza. 246 amefungua kumi moja akapata 13, ila amesahau kupunguza makumi kutoka 10 hadi 9. 266 ameruka sifuri, amechukua mia moja kwa moja kuyapa mamoja kumi, kisha kwenye makumi amesema 6 toa 0. 364 bado anageuza tarakimu kila safu, na huyo hatakiwi kuwa kwenye mamia bado.

Hesabu ya mwisho kwenye karatasi yangu haina nafasi ya jibu, kwa kuwa jibu limeshaandikwa: 403 − 167 = 266. Chini yake kuna miraba 4 na nukta 3, na agizo: chora uoneshe mahali ambapo kazi hii imekosewa. Mtoto anayechora mraba ukifunguka, akasimama kwenye yale makumi kumi na kuandika kwamba hapa mia imepotea njia, humwongezei hesabu nyingine siku hiyo. Anayefuta 266 na kuandika 236 bila kuchora chochote, kaa naye dakika mbili umwulize ile 9 imetoka wapi.